Namba zilipofika mwisho

Jana saa tano asubuhi kaunta zote za duka la jumla ninalowahudumia zikagoma kusevu risiti, miaka 11 mfumo wa hesabu haujawahi kusumbua, halafu kila ukijaribu inakuja hii:

```
Duplicate entry '8388607' for key 'PRIMARY'
```

Tukapoteza lisaa zima tunatafuta risiti iliyojirudia, kumbe haipo! Safu ya id kwenye jedwali la miamala iliwekwa MEDIUMINT, na hiyo namba ndo kikomo chake, kwa hiyo kila muamala mpya unalazimishwa kuchukua namba ileile ya mwisho. Nikachukua bakapu, nikabadilisha kuwa BIGINT, na majedwali yanayoirejelea pia maana ukiyaacha nayo yatagota palepale. Mkuu wangu, kacheki MAX(id) zako leo.