Barua yangu ya pili ndiyo iliyonibadilishia saa za kazi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Mkataba ulinitaka niingie saa 2:30 asubuhi na kutoka saa 11:30 jioni, nikiwa na saa moja ya chakula, na Jumamosi nifanye kazi hadi saa 7:30 mchana. Nyumbani Mbagala nilikuwa nimeanza kukaanga samaki wa kuuza jioni, lakini kwa foleni ile nilifika saa 1:30 usiku, na mafuta yalipochemka, majirani walikuwa wamekwisha kula. Wateja wa samaki huanza kupita magharibi, na kila jioni nilikuwa nikiwakosa wale wa kwanza, ambao ndio wengi.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, na karibu yote ilieleza ada za shule, kodi ya nyumba na ugumu wa maisha. Meneja aliisoma, akaniita, akasema kwa upole kwamba mwaka huu hakuna nyongeza ya mshahara. Sikumlaumu, kwa sababu nilipoisoma upya niliona kwamba ombi lenyewe lilikuwa limejificha katika sentensi moja ya mwisho, tena nilikuwa nimependekeza nisile mchana ili nitoke mapema. Pendekezo hilo lisingefaa hata kama angelipenda, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 baada ya saa tano mfululizo za kazi.

Kabla ya kuandika tena, kwa wiki mbili niliandika pembeni mwa daftari la stoo kila mzigo uliotoka baada ya saa 10:00 jioni. Nilichokiona ni kwamba mizigo ya muda huo ilikuwa michache, ila kazi moja kubwa, yaani kuhesabu stoo, tulikuwa tukiifanya wakati huohuo huku wateja wa mwisho wakitusumbua, na ndiyo maana hesabu za saruji na nondo zilikuwa hazilingani mara kwa mara. Hapo ndipo nilipopata la kumwambia meneja. Nilizungumza kwanza na mwenzangu wa kaunta, ambaye asubuhi humpeleka mtoto shule na kuchelewa, akakubali kushika stoo jioni iwapo naye ataruhusiwa kuingia saa 3:00.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Chini ya kichwa «YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA SAA ZA KAZI» niliandika hivi:

«Naomba kuingia kazini saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kubadilisha saa ya chakula wala ratiba ya Jumamosi. Jumla itabaki saa 45 kwa wiki kama ilivyo sasa. Stoo itahesabiwa kati ya saa 1:00 na saa 2:30 asubuhi, kabla ya wateja kuingia, na saa 9:45 alasiri nitamkabidhi mwenzangu funguo na daftari kwa saini. Jioni nitakuwa nikiuza samaki nyumbani kwangu, shughuli isiyohusiana na bidhaa, wateja wala vifaa vya kampuni. Naomba majaribio ya siku 30.»

Sentensi ya samaki ilinipa shida. Shoga yangu alinishauri niandike «majukumu ya kifamilia» tu, lakini mkataba wangu ulikataza kazi nyingine bila idhini, na niliona heri meneja alijue jambo hilo kwangu kuliko kulisikia kwa watu.

Nilimpelekea mwenyewe. «Shikamoo, mama,» nikamwambia, nikamwekea karatasi mezani. Aliuliza swali moja: «Mteja akirudisha mzigo saa 10:30, nani anajua pa kuuweka?» Nilijibu haraka kwamba mwenzangu anajua, na hapo nilikosea. Wiki ya kwanza ya majaribio nilipigiwa simu nikiwa ndani ya daladala, nikaelekeza kwa sauti kubwa lilipo daftari la marejesho huku abiria wakinitazama. Kesho yake nililifunga kwa kamba kwenye meza ya kutolea mzigo, nikamfundisha mwenzangu kulijaza.

Siku 30 zilipokwisha, ofisa utumishi aliandaa nyongeza ya mkataba, tukaisaini pande zote mbili na nikapewa nakala. Meneja aliongeza sharti moja: siku ya mwisho ya mwezi, tunapofunga hesabu, ninabaki hadi saa 11:30, na muda unaozidi unalipwa kama saa za ziada. Siku hiyo sikaangi samaki, na wateja wangu wameshaizoea.