Tarehe zilizogeuka kimyakimya

Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kigoma kina wanachama wengi wenye majina ya Kifaransa: Désiré, Thérèse, Noël. Burundi na Kongo ni majirani zetu, na mtu ana haki jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye cheti chake. Tulipohamia mfumo mpya, nilikabidhiwa faili la CSV lililotolewa kwenye programu ya zamani.

Majina ndiyo yaliyoonekana kuharibika kwanza. Désiré alitokea hivi: D�sir�. Programu ya zamani iliandika kwa Windows-1252, ambamo é ni baiti moja, E9. Mfumo mpya ulisoma kwa UTF-8, ambamo é ni baiti mbili, C3 A9, na E9 ikifuatwa na herufi ya kawaida haisomeki. Ukiona DÃ©sirÃ©, basi faili la UTF-8 limesomwa kama Windows-1252, na hilo mara nyingi hurekebishika. Alama ya � ndiyo ya kuogopa: ukishahifadhi faili nayo, herufi ya awali imepotea. Kwa hiyo faili la awali sikuligusa. Nilifanyia kazi nakala.

Tarehe hazikuonyesha dalili yoyote, mpaka Mzee Désiré alipopewa fomu aihakiki. "Mwanangu, mimi ni wa Novemba. Hii Mei mmeitoa wapi?"

Programu ya zamani iliandika 05/11/1953. Nakala ilikuwa imefunguliwa kwa Excel kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi, ikahifadhiwa hivyo. Tarehe kama 25/11/1953 ilikataliwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, ikabaki maandishi upande wa kushoto wa seli. Ile ya mzee ilikubaliwa, ikakaa kulia, ikiwa imegeuka kuwa Mei 11. Nilipochuja zilizokaa kulia, hakuna hata moja iliyokuwa na siku inayozidi 12. Watu hawazaliwi hivyo. Zaidi ya nusu ya siku za mwezi huja baada ya tarehe 12.

Sikutaka kuzigeuza upya palepale, maana kama karani alikwisha kusahihisha baadhi kwa mkono, hizo zingeharibika tena. Nilirudi kwenye faili la awali na kulifungua kwa LibreOffice Calc, ambayo huuliza kwanza kabla ya kusoma. Kwenye `Character set` nilichagua Windows-1252, kisha nikabofya kolamu ya tarehe na kuipa aina `Date (DMY)`. Nikaiwekea kolamu muundo wa `YYYY-MM-DD`, nikahifadhi CSV kwa UTF-8, huku `Save cell content as shown` ikiwa imewekewa alama.

Kabla ya kupakia, nililinganisha sampuli na fomu za karatasi. Nilichukua majina yenye alama, na tarehe ambazo siku haizidi 12, kwani ndizo zinazoweza kudanganya. Zile kama 07/07 niliziruka. Hizo husomeka vilevile hata zikigeuzwa.