Siku moja kazini na konsuli wa Roma: chungu jikoni, Seneti kikaoni

Leo ni Idi za Machi, yaani 15 Machi, mwaka 176 KK. Hii ndiyo siku ambayo makonsuli wawili wapya, viongozi wakuu wa dola kwa mwaka mmoja, huanza kazi (kuanzia mwaka 153 KK ilihamishiwa 1 Januari). Wanaoanza leo ni Gnaeus Cornelius Scipio Hispallus na Quintus Petilius Spurinus. Tutamfuata zaidi Cornelius, maana siku yake iliharibika kwa namna ambayo haikusahaulika.

Saa tunazitaja kwa Kiswahili, na Mrumi angetuelewa bila shida, kwa kuwa naye alihesabu saa ya kwanza kuanzia macheo. Zichukulieni kuwa za kukadiria. Hata saa ya jua iliyosimama Forumu, uwanja mkuu wa Roma, wakati huo ililetwa kutoka Katania, Sisilia, mwaka 263 KK, na kivuli chake hakikuendana na Roma. Watu waliishi nayo miaka 99 kabla ya kuwekewa iliyo sahihi. Kalenda nayo ilikuwa imeteleza. Mwaka 190 KK jua lilipatwa siku ambayo Warumi waliandika 11 Julai, na kwa hesabu yetu siku hiyo ni 14 Machi. Waliopaswa kuirekebisha, kwa kuongeza mwezi inapobidi, ni mapontifeksi, chuo cha makuhani ambacho tutakutana nacho tena kabla ya adhuhuri.

Saa tisa usiku. Konsuli anaamka kimya kimya na kuketi mahali palipopimwa kwa ajili ya kuuliza idhini ya Jupita, mungu mkuu wa Roma. Swali ni moja tu: je, leo ninaruhusiwa? Haulizwi mtu kesho itakuwaje. Jibu likiwa ndiyo, linafaa kwa leo pekee. Kazi ikiahirishwa, kesho utauliza upya.

Pembeni yupo mlinzi wa kuku watakatifu na tundu lake. Konsuli anamwambia, "Sema kama kuna ukimya." Anajibiwa, "Kuna ukimya." Ukimya hapa maana yake ni kwamba hakuna kasoro yoyote iliyojitokeza, hata mlio wa panya. Kisha anamwambia, "Sema kama wanakula." Tundu linafunguliwa, kuku wanatupiwa chakula. Wakila kwa pupa hadi punje zikadondoka midomoni na kugonga ardhi, idhini ni safi kabisa. Wakikataa kutoka, kazi imesimama. Warumi wenyewe walikiri baadaye kwamba kuku aliyefungiwa tunduni na njaa yake hawezi kufanya jingine ila kula. Lakini kwa sheria haikuwa kitu: kilichohesabika ni tangazo la mlinzi, na akisema uongo, balaa ni lake. Wataalamu wa mambo haya ni chuo kingine, cha maauguri. Wao hawamtafutii konsuli idhini. Wanaitwa pale inapotokea shaka kama iliombwa ipasavyo.

Saa moja asubuhi. Konsuli amevaa toga yenye ukingo wa zambarau. Malikta 12, wabeba mafungu ya fimbo, wanamtangulia kupanda kilima cha Kapitoli hadi kwenye madhabahu mbele ya hekalu la Jupita. Kila konsuli ana ng'ombe wake. Kwa Jupita anatakiwa maksai mweupe, mkubwa, asiye na kilema, na anakaguliwa kabla hajasogezwa. Pembe zimepakwa dhahabu, kichwani ana vitambaa vya sufu. Anapaswa aje kwa utulivu, kana kwamba amekubali mwenyewe. Akikurupuka na kukimbia kutoka madhabahuni, hiyo ni ishara mbaya, na ndiyo maana wanaomwongoza ni watu wenye uzoefu.

Saa mbili. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanatazamia kuhani achinje. Anayetoa sadaka kwa niaba ya dola ni konsuli, mtu wa kuchaguliwa kwa kura. Pontifeksi husimama karibu naye kama mtaalamu wa taratibu.

Konsuli ananawa mikono na kuvuta upindo wa toga kufunika kichwa. Mpiga mbiu anaamuru watu wachunge ndimi zao. Mpiga filimbi anaanza na haachi, ili sauti yoyote mbaya, ya mtu kupiga chafya au mbwa kubweka, isisikike. Ubani na divai vinatangulia kwenye jiko dogo la kubebeka. Sala haisemwi kwa kichwa: mtu mmoja anaisoma kutoka kwenye maandishi, konsuli anaifuatisha neno kwa neno, na mwingine amewekwa kuangalia tu kama kuna neno lililorukwa. Likirukwa, wanarudi mwanzo.

Kisha unakuja unga wa chumvi, ambao bila huo hakuna sadaka ya dola. Waliuandaa mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa mungu wa moto wa nyumbani. Kati ya 7 na 14 Mei, kwa kuruka siku moja kila mara, watatu walio wakubwa kati yao hupokea masuke ya ngano ya kale iitwayo fari, wakayakausha motoni, wakayatwanga na kuyasaga. Chumvi ni ghafi, hupondwa kinuni, ikafungwa ndani ya chungu kwa jasi na kuokwa tanurini mpaka ikawa bonge gumu la kukatwa kwa msumeno. Vitu hivi huchanganywa mara tatu tu kwa mwaka: 15 Februari, 9 Juni na 13 Septemba. Kwa hiyo unga wa Idi za Machi ni wa mwezi mmoja uliopita. Konsuli anamnyunyizia maksai unga huo, anammiminia divai kwenye paji, halafu anapitisha kisu kwa juu tu, kutoka kichwani hadi mkiani, bila kukata. Tangu hapo mnyama si wa mtu tena.

Mwenye nyundo anauliza, "Nifanye?" Anajibiwa afanye. Nyundo inatua utosini, maksai anaanguka, na mwenzake anakata koo. Hawa ni wachinjaji wasaidizi. Konsuli hajagusa damu.

Saa tatu. Maksai amelazwa chali na kupasuliwa. Yanatazamwa mambo matano: ini, nyongo, mapafu, moyo na utando wa mafuta tumboni. Kama kila kimoja kipo mahali pake na kina afya, mungu amepokea. Kwenye ini wanaanza na ile nyama ndogo inayochomoza kama kidole gumba kwenye ukingo wake. Wanaiita kichwa cha ini. Ikikosekana, hakuna dalili mbaya kupita hiyo.

Ini la maksai wa Petilius halikuwa na kichwa.

Halaumiwi mtu. Sadaka iliyokataliwa ni kama barua iliyorudishwa: unatuma nyingine. Petilius analipeleka jambo Seneti, kwa sababu si wachunguzi wa matumbo wala pontifeksi wenye mamlaka ya kuamua dola ifanye nini. Vyuo hutoa ushauri, Seneti hutoa amri. Amri inatoka: achinje ng'ombe mwingine, na mwingine, mpaka ikubaliwe.

Ini la maksai wa Cornelius halikutiliwa shaka. Viungo vinakatwa na kutiwa chunguni, kwa kuwa sehemu za miungu za ng'ombe huchemshwa. Vikiiva vitakatwa vipande, vitanyunyiziwa unga wa chumvi na kuteketezwa madhabahuni, na hapo ndipo sadaka itakuwa imekamilika. Nyama iliyobaki ni ya watu. Lakini kuchemsha huchukua muda, na konsuli ana kikao.

Saa nne. Seneti inaketi, na kikao cha kwanza cha mwaka hufanyika humo humo hekaluni mwa Jupita. Mambo ya miungu hutangulia, kisha majimbo na majeshi. Wako kwenye mgawanyo wa majimbo, Pisa kwa mmoja na Waliguria, watu wa kaskazini-magharibi mwa Italia, kwa mwingine, mara tarishi anaingia na kumwita Cornelius nje.

Anarudi uso umembadilika. Anawaambia maseneta kwamba ini la ng'ombe wake limeyeyuka chunguni. Alipoambiwa na mchinjaji hakuamini, akaagiza maji yamwagwe. Viungo vingine vyote vilikuwemo, vizima. Ini lote limetoweka. Aliyewahi kuchemsha ini anajua kwamba huwa linakakamaa, haliyeyuki, na ukumbi mzima ulilijua hilo. Petilius naye anaongeza yake: amekwisha kuchinja watatu, na bado hajakubaliwa.

Tazameni lililo muhimu hapa: ishara njema ya saa tatu haikumwokoa Cornelius. Kati ya kuchinja na kuteketeza sadaka bado iko wazi, na kasoro ya jikoni ina uzito sawa na kasoro ya madhabahuni. Ndiyo maana mwangalia chungu naye ni mtumishi wa dola. Seneti inaamuru waendelee kwa wanyama waliokomaa, mpaka miungu yote ikubali.

Saa sita. Mtumishi wa konsuli anatangaza adhuhuri, baada ya kuliona jua kati ya jukwaa la wahutubi na mahali pa kusubiria mabalozi wa Kigiriki. Kazi ya kuchinja inarudiwa kuanzia kunawa mikono: sala nzima, unga, divai, nyundo. Hakuna njia ya mkato. Miungu mingine ilikubali. Aliyekataa ni Salus, mungu wa kike wa usalama wa dola, na sadaka yake ilikuwa mkononi mwa Petilius.

Tarehe 5 Mei makonsuli wakaenda Mlima wa Alba kwa sikukuu ya miji ya Latini. Afisa wa Lanuvium, mmoja wa miji hiyo, alipokuwa akitoa mnyama mmoja, aliacha kuombea "watu wa Roma, Wakwiriti", yaani raia wa Roma kwa jina lao la kale. Jambo likapelekwa Seneti, Seneti ikawapa mapontifeksi, na mapontifeksi wakasema sikukuu yote irudiwe na wanyama watolewe na Lanuvium. Cornelius aliporudi kutoka mlimani alianguka, akapooza sehemu ya mwili, akafia Kumae. Petilius aliuawa vitani na Waliguria. Maauguri walipoulizwa wakajibu kwamba katika kupiga kura ya kugawana upande wa kumshambulia adui, Petilius alikuwa nje ya eneo lililopimwa. Na kwa kuwa makonsuli wote wawili walioanza mwaka walikuwa wamekufa, wajuzi wa sheria za ibada walisema konsuli aliyeziba nafasi, Gaius Valerius Laevinus, hana haki ya kusimamia uchaguzi wa mwaka unaofuata.