Laki nne na sitini

Kenta ilifika Tandale kabla jua halijachomoza vizuri. Ilikuwa masika, kichochoro cha kuingilia sokoni kimejaa tope, na nyuma ya kenta yetu kulikuwa na nyingine mbili zikipiga honi. Nilisimama mlangoni mwa kibanda changu na kalamu, nikihesabu kila kiroba kilichoshuka mgongoni mwa kuli. Mchele viroba 12, maharage magunia 4, sembe mifuko 20, sukari mifuko 6. Viroba viwili vya mchele vilivyolowa katika mzigo wa wiki iliyotangulia, ambavyo nilivikuta vimeshaota ukungu, vilipandishwa garini kurudi kwa mwenye mali. Karani akanipa delivari, ile hati ya mzigo, nikasaini, akanichania nakala ya njano, gari likaondoka.

Nilihesabu viroba. Jumla ya fedha sikuihesabu. Kwa mlango ule, na honi zile, nani angeihesabu?

Saa nne, wateja walipopungua, niliitoa ile nakala kwenye droo. Chini kabisa palikuwa na 3,668,000. Nikapigapiga hesabu kichwani, nikahisi joto. Nikachukua kalkuleta: 3,208,000. Nikarudia mara ya pili, ikaja ileile. Tofauti ni 460,000.

Kwa mtu asiyefanya biashara ya mali kauli, huenda hilo likaonekana dogo, maana sikuwa nimelipa hata senti. Lakini mali kauli ndivyo ilivyo: mzigo unapewa kwa maneno, unauza, unarudisha fedha siku ya hesabu. Kinachokubana ni daftari la madeni la mwenye mali. Kiasi kikishaingia mle, wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka kilitokea wapi, na wewe unaonekana mdaiwa anayetafuta visingizio. Faida yangu kwa mzigo mzima wa namna ile haikufika laki nne.

Kwa hiyo nikamwandikia mwenye mali ujumbe haraka, na kwa hasira: "Mzee hesabu yenu si sahihi, mmenizidishia laki nne na sitini. Siwezi kulipa hiyo."

Jibu halikuchelewa. "Mama, mzigo umepokea na sahihi umeweka. Miaka yote hii tunafanya kazi, leo unaniita mwizi?"

Niliisoma nikaona aibu. Yule mzee ndiye aliyenipa mchele wakati sina mtaji, nilipomzika mume wangu. Nilikuwa nimemwambia kwamba amenizidishia, lakini sikumwonyesha wapi. Na mimi mwenyewe sikujua wapi.

Nikamwachia mdogo wangu kibanda, nikakaa nyuma kwenye magunia na ile karatasi. Baba mkubwa, ambaye alikuwa karani wa ghala maisha yake yote, alinifundisha nikiwa binti kwamba hesabu isipokubali, usirudie kujumlisha tu. Iulize ile tofauti imetoka wapi. Nikaiuliza kwa utaratibu wake.

Kwanza, je, kuna mstari wowote wenye 460,000? Ungekuwepo, basi umehesabiwa mara mbili. Haukuwepo. Pili, je, tofauti inagawanyika kwa tisa? Mtu akigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tuseme 708,000 akaiingiza kama 780,000, tofauti hugawanyika kwa tisa siku zote. Hapo ingekuwa 72,000, yaani tisa mara 8,000. Lakini 460,000 haigawanyiki: ukijumlisha tarakimu zake, nne na sita ni kumi, na kumi haigawanyiki kwa tisa. Basi hakuna tarakimu mbili jirani zilizogeuzwa. Tatu, igawe kwa mbili. Nikapata 230,000.

Na 230,000 ilikuwepo. Mstari wa tano, wa mwisho: "Mchele 2, bei 115,000." Ndivyo vile viroba viwili vilivyorudi. Karani aliviandika chini ya vingine, safu ileile, bila alama yoyote, kwa sababu kitabu cha delivari kina sehemu ya idadi, maelezo, bei na kiasi, na hakina mahali pa kutolea. Alipofika kwenye kalkuleta, mkono ukaendelea kujumlisha kama ulivyojumlisha mistari minne ya juu. Kitu kinachotakiwa kutolewa kikijumlishwa, kosa huwa maradufu: hukupunguziwa 230,000 yako, na juu yake umeongezewa nyingine.

Hapo nikaandika ujumbe wa pili. Bado ninao kwenye simu:

"Shikamoo mzee wangu. Naomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Mzigo nimepokea wote, idadi haina tatizo, na bei ni zile tulizokubaliana. Naomba tuangalie jumla tu. Mistari minne ya kwanza ni 1,380,000 na 800,000 na 550,000 na 708,000, inakuja 3,438,000. Mstari wa tano ni viroba viwili vilivyorudi kwa gari lako leo, 230,000, hivyo vinatoka. Inabaki 3,208,000. Kwenye delivari imeandikwa 3,668,000. Ukichukua 3,438,000 ukaongeza 230,000 badala ya kutoa, unapata 3,668,000 hiyohiyo. Nadhani ndivyo ilivyotokea. Sahihi yangu ni ya kupokea mzigo, kama ilivyochapwa pale chini, 'Nimepokea mzigo kamili na katika hali nzuri.' Picha ya nakala yangu nimekutumia. Nakuomba isiingie daftarini kabla hujaipitia."

Kila sentensi niliipima. Nilianza na yale tusiyobishania, idadi na bei, ili asidhani naugusa mzigo wote. Neno "mmenizidishia" nililiondoa. Na ile hesabu ya kuonyesha 3,668,000 ilivyopatikana niliiweka makusudi, maana ukimwambia mtu jibu sahihi peke yake, atakuona wewe na kalkuleta yako dhidi yake na yake. Ukimwonyesha namba yake ilivyozaliwa, ataifuata mwenyewe kwa kidole.

Adhuhuri ilipita, kimya. Alasiri nayo. Sikuweza kula. Saa kumi na mbili jioni simu ikaita, si ujumbe, ni yeye mwenyewe. "Marahaba, mwanangu," alisema, kana kwamba nimemwamkia dakika ile. "Nimekaa na kijana, tumeona. Mstari wa tano." Akanyamaza kidogo. "Asubuhi ulinikera."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Yameisha."

Kesho yake karani alikuja na kitabu kizima chini ya kwapa. Alitaka kunirekebishia nakala ya njano tu. Nilikataa kwa upole, maana nakala yangu ikisema hivi na ya kwao ikisema vile, tumetengeneza ugomvi mwingine wa mbele. Tukairudisha ya njano mahali pake, karatasi ya kaboni katikati, akakata 3,668,000 kwa mstari mmoja ili bado isomeke, akaandika 3,208,000 juu yake, tukasaini wote wawili pembeni na tarehe.

Akaniambia kwamba mzee amemwagiza kuanzia sasa mali inayorudi aiandike kwa kalamu nyekundu. Nikamwonyesha nakala yangu: kaboni haijui rangi, nyekundu yake kwangu itatoka buluu kama mingine. Tukakubaliana aandike neno "imerudi" mwanzoni mwa mstari, na kiasi akiweke kwenye mabano. Mzigo uliofuata ulikuja hivyo, ingawa siku hiyo hakuna kiroba kilichokuwa kimerudi. Alikuwa ameandika "imerudi" na ndani ya mabano akaweka sifuri.