Kiporo cha maharage kabla ya daladala

Wenzangu wa Mbagala mnaowahi gari alfajiri kwenda Posta, maandazi mawili na chai ya rangi pale kituoni havinifikishi saa nne. Ni unga mweupe, mafuta na sukari, vinapita upesi. Siku hizi nakula maharage na kiazi kitamu, na njaa inanikumbuka mchana.

Jumamosi usiku naloweka nusu kilo ya maharage. Asubuhi namwaga maji yale, nachemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, hata ukiyabonyeza yanapondeka. Yakipoa nagawa kwenye vikopo: cha Jumatatu na Jumanne vinakaa kwenye friji, vilivyobaki nagandisha. Usiku nashusha kimoja kiyeyuke humo humo kwenye friji, si juu ya meza, maana joto la Dar mnalijua. Viazi nachemsha jioni na maganda yake ili visilowe maji. Asubuhi namenya tu.

Alfajiri nakaanga kitunguu na nyanya, namimina maharage, nayaacha yatokote vizuri. Dakika kumi yamekwisha. (Tui la nazi ni la Jumapili, usinidanganye kwamba una muda wa kukuna.)

Nikichelewa nabeba viazi na mayai mawili ya kuchemsha, hayajamenywa, nakula ofisini.

Umeme ukikatika usiku kucha na maharage ya kwenye friji yakapoteza ubaridi, mwaga hata kama hayanuki, pua haitoshi kuyapima. Yakitoa povu au harufu ya uchachu siku yoyote, mwaga pia. Kuyachemsha tena hakuyaokoi.