Nusu ya pili ya makala: nilivyopima kama ni ya mtu au ya mashine

Nilikuwa nahariri rundo la makala za afya zilizoletwa na wachangiaji mbalimbali, na nilitaka kujua zipi zimeandikwa na watu na zipi zimetolewa na modeli ya lugha. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mwepesi: katisha makala katikati, ipe modeli nusu ya kwanza, iambie iendelee, halafu linganisha ilichoandika na nusu ya pili halisi. Maneno yakifanana kwa zaidi ya nusu, mwandishi amedanganya. Ushauri huu unanikera mpaka leo, kwa sababu wazo lake ni zuri lakini kipimo chake kinawatia hatiani watu wasio na kosa.

Wazo lenyewe lilielezwa mwaka 2023 kwa jina la DNA-GPT. Modeli huchagua kila neno kwa kufuata uwezekano, kwa hiyo ukiirudishia mwanzo iliouandika yenyewe, hupenda kupita tena njia zile zile. Mtu hukata kona ambazo modeli haizitarajii. Ila waliopendekeza njia hii hawahesabu neno moja moja. Wanahesabu mifuatano ya maneno, kuanzia minne kwenda juu, na mfuatano mrefu hupewa uzito zaidi. Sababu iko wazi kwa yeyote anayeandika Kiswahili: "ya", "na", "kwa", "katika" na "ni" zimejaa kila mahali, na makala mbili za watu wasiojuana zitashiriki maneno hayo bila kosa la yeyote.

Tazama mfano huu mdogo. Nusu ya pili halisi inasema: "maji yakichemka yaache yapoe kabla ya kuyamimina kwenye chupa safi". Modeli ikaandika: "maji yakichemka yaache yapoe kabla ya kuyahifadhi kwenye chupa safi". Ukihesabu neno moja moja, 9 kati ya 10 yanafanana, na yule mshauri angeshapiga kelele. Ukihesabu mifuatano ya maneno manne, sentensi halisi ina mifuatano 7, na iliyojirudia ni 3 tu, kwa kuwa neno moja lililobadilika limevunja minne iliyobaki. Sehemu hiyo ya mifuatano iliyojirudia ndiyo naiita alama, na ndiyo maana kwa makala nzima usitarajie alama kubwa. Katika rundo langu, hata makala niliyokuja kujua kuwa ni ya mashine haikukaribia nusu hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni fupi:

```python
import re

def mifuatano(matini, n=4):
    matini = matini.lower().replace("’", "'")
    m = re.findall(r"[\w']+", matini)
    return {tuple(m[i:i+n]) for i in range(len(m) - n + 1)}

def ulingano(mwanzo, asili, jipya):
    a = mifuatano(asili) - mifuatano(mwanzo)
    b = mifuatano(jipya) - mifuatano(mwanzo)
    return len(a & b) / max(len(a), 1)
```

Mstari wa `replace` usiuondoe. Makala iliyopita kwenye programu ya kuandikia huja na alama iliyopinda katika "ng’ombe" au "ng’aa", ilhali modeli mara nyingi hutoa iliyonyooka. Bila kuzisawazisha, neno moja hukatika vipande viwili upande mmoja na kubaki zima upande wa pili.

Kule kutoa `mifuatano(mwanzo)` ndiko kulikookoa kazi yangu. Makala moja ilikuwa inapanda alama bila sababu niliyoiona. Nikachapisha mifuatano iliyolingana, mmoja mmoja, na juu kabisa nikakuta "shirika la afya duniani". Jina hilo peke yake ni maneno manne kamili! Lilikuwa limetajwa katika nusu ya kwanza, mwandishi akalirudia katika nusu ya pili, na modeli nayo ikalirudia kwa kuwa ililiona mwanzoni. Vivyo hivyo majina ya magonjwa, vyeo vya watu na kichwa cha makala. Huko si kuandika kama mashine, ni kuendelea na mada. Chochote kilichokwisha kutokea katika nusu ya kwanza nikakiondoa kwenye hesabu, na alama ya makala ile ikashuka pale pale. Tangu hapo siamini namba yoyote kabla ya kuchapisha na kusoma kilicholingana.

Kukata nakata mwisho wa sentensi iliyo karibu na katikati, na maandishi ya modeli nayakata yafikie urefu wa nusu halisi, maana anayesema mengi hugonga mengi. Nafuta pia utangulizi wa aina ya "Huu hapa mwendelezo".

Sasa mbinu ninayojivunia. Alama ikishapatikana, ni kubwa au ndogo ukilinganisha na nini? Wengi hutafuta kizingiti kimoja cha kutumia kwa kila makala, nami sikubaliani nao. Kwa kila makala naizalisha nusu ya pili mara kumi hivi, `temperature`, yaani halijoto inayoamua modeli ibahatishe kiasi gani, ikiwa 0.7, kisha nalinganisha na nusu halisi, na pia nazilinganisha hizo zilizozalishwa zenyewe kwa zenyewe. Hapo napata kiasi ambacho modeli inakubaliana na nafsi yake juu ya mwanzo ule. Ikiwa nusu halisi inafanana na zile kumi karibu sawa na zinavyofanana zenyewe, basi imekaa kati yao kama ndugu yao wa kumi na moja, na hapo nashuku kwa dhati.

Makala ya kunawa mikono ilinionyesha thamani ya hili. Alama yake ilikuwa juu kuliko nyingi za rundo, na kwa kizingiti kimoja ingekataliwa. Lakini zile kumi zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe mara nyingi zaidi ya zilivyofanana na nusu halisi. Mada hiyo ina hatua zilizozoeleka, kila anayeiandika hupita humo humo. Mwandishi wake hakuwa na kesi. Makala nyingine, juu ya usingizi, ilikuwa na alama ya chini kidogo kuliko hiyo, lakini ililingana kabisa na kiwango cha ndugu zake. Nilipomuuliza mwandishi, alikiri.

Kuna hali ya tatu ambayo lazima uitambue. Mchangiaji mmoja alinukuu sehemu ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na mkato ukaangukia ndani ya nukuu. Modeli ikaimalizia neno kwa neno, mara zote, hata halijoto ikiwa juu. Hiyo ni kumbukumbu. Utaijua kwa mfuatano mmoja mrefu usiokatika, maneno ishirini na zaidi, unaorudi katika karibu kila jibu. Maandishi ya mashine hulingana kwa vipande vifupi vilivyotawanyika. Nukuu, aya za vitabu vya dini na methali naziondoa kabla ya kukata.

Gharama ni kuiita modeli mara kumi kwa kila makala, na kwa rundo kubwa hiyo si haba, hivyo naanza na mara tatu na kuongeza kwa zinazotia shaka tu. Nusu ya pili ikiwa aya moja, naiacha kabisa: mifuatano ni michache mno na mmoja tu hubadilisha alama. Na alama ya chini haimsafishi mtu. Makala iliyoandikwa na modeli tofauti na yangu, au iliyopitiwa na mtu akabadili neno moja katika kila sentensi, huteleza, kwa sababu ile ile iliyovunja mifuatano minne katika mfano wa maji.