Nyumba Isiyo na Mlango

Juzi binti yangu kaniletea kazi ya shule: "Nyumba yangu haina mlango. Andika jibu sahihi." Chini yake, kamstari ka kujazia. Maneno hayo hayo niliwahi kuyaandika kwa chaki, mtaa wa Langoni, Lamu, nje ya duka la ami, Ramadhani moja nilipokuwa kijana.

Ami alitaka watu wakae barazani baada ya tarawehe, kahawa inywewe. Nikaandika kitendawili, na chini yake: "Atakayejibu kwanza apate kashata." Mtoto mmoja akapita mbio, "Yai!", akachukua kashata yake akaenda zake. Baraza ikapoa. Wote walilijua jibu, na sasa hapakuwa na la kusema.

Bibi alipita akasoma. "Huu mtihani. Hukuwaita, watakuitikiaje? Na asiyejua atakupa mui lini?"

Mui, yaani mji. Mtegaji husema "Kitendawili!", akaitikiwa "Tega!" Wakishindwa humpa mji, naye huuzuru kwa maneno, akala, akanywa, akasifiwa, ndipo afumbue. Kumbe hata kushindwa kuna utamu wake. Mimi nilimlipa mmoja na kuwaziba midomo waliobaki. Kesho yake nikafuta, nikaandika upya:

"Kitendawili! Usipite bila kusema tega.
Nyumba yangu haina mlango.
Ukijua, usitaje: sema uliingiaje.
Hujui? Nipe mui.
Kashata kwa anayejua, na kwa atakayetuchekesha."

"Tega!" zikaanza kutoka hata kwa waliokuwa juu ya punda. Mmoja akasema alibomoa ukuta akamkuta mwenyewe kavaa manjano. Mwengine zake mbili alizikaanga daku. Kijana mmoja, ambaye nahisi alijua, akajitia hajui akanipa Siyu. Nikaenda Siyu pale pale nilipokaa, nikachinjiwa mbuzi, nikataka kuozwa, wakanikatalia. Watu walilia kwa kucheka.

Pembeni alikaa mzee aliyefiwa na mkewe mwezi wa Rajabu. Alikuwa akikizungusha kikombe kidogo kitupu kwenye kiganja, mara huku, mara huku. Kicheko kilipotulia akasema polepole, "Tega."

Nikamtegea upya, ingawa ubao ulikuwa mbele yake.

"Kaburi," akasema. "Uliponiuliza nimeingiaje, sijaingia. Nimefika nje tu."

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Kwa sheria yangu mzee alikuwa amekosea mara mbili: alitaja, na hakutaja yai. Lakini nani angemwambia atoe mui? Nikachukua kashata mbili, nikazifunga kwenye kipande cha gazeti, nikampelekea. Akazitazama.

"Hizi za kujua, au za kuchekesha?"

Sikumjibu. Akazitia mfukoni, akanirudishia kikombe.

Sasa binti ameshika kalamu, ananiuliza kama aandike "yai" basi. Nimemwambia aandike. Mstari wenyewe hauchukui zaidi ya hapo.